Mbwa wa bango langu anaonekana kama mtu aliyechuchumaa, nimekosea wapi?

Brashi_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nachora mabango hapa Uyole, Mbeya. Nimezoea herufi, kuku na ng'ombe wa maziwa. Mbwa ndiyo mara ya kwanza. Duka moja la pembejeo limenipa ukuta: gunia la chakula cha mbwa, pembeni mbwa mwenye furaha amekaa kwenye nyasi, nyuma mparachichi. Gunia limetoka safi, hata mshono wa juu unauona. Mbwa sasa! Mwenye duka kaangalia weee, akaniuliza: "Fundi, huyu ni mbwa au konda anasubiri abiria?"

Miguu ya nyuma ndiyo imeniangusha. Goti nimeliweka katikati ya mguu, kutoka hapo nimeshusha wima mpaka chini. Jumamosi napaka rangi ya mwisho. Msaada tafadhali.

Mtoto_wa_Kalobe
Rahisi hiyo. Goti la nyuma la mbwa linakunja kurudi nyuma, siyo kama letu. Ligeuze tu.

Mama_Simba
Hilo gunia ni shilingi ngapi huko Mbeya? Wa kwangu hapa Iringa nimemzoesha ugali wa dona na dagaa, nikimpa vile vipunje vya dukani anavinusa na kuondoka.

Mifugo_Mstaafu
Kalobe, jicho lako limeona vizuri ila jina umekosea. Hicho kinachochomoza nyuma siyo goti, ni kisigino.

Brashi, tafuta mbwa mpole umpapase, usihangaike na picha. Anzia nyongani ushuke na mkono. Paja utalikuta fupi, limefichwa na nyama, na goti liko juu kabisa karibu na tumbo, linatazama mbele kama lako. Kutoka hapo mguu unarudi nyuma hadi kisigino, ambacho kiko hewani, ndipo unashuka hadi vidoleni. Mbwa hutembea kwa vidole. Simama wewe kwa ncha za vidole halafu ukunje magoti kidogo, utaelewa.

Akikaa, goti linapanda pembeni mwa tumbo, kisigino kinashuka karibu na makalio, na sehemu yote ya kutoka kisigino hadi vidole inalala kwenye nyasi. Wewe hiyo umeisimamisha wima, ndiyo maana umepata konda.

Brashi_Uyole
Shikamoo mzee. Nimekwenda kwa jirani nikampapasa mbwa wake, kweli goti nimelikuta ubavuni! Nimefuta kwa msasa na kuchora upya kwa chaki. Konda kaondoka. Ila bado kuna kitu hakikai sawa, mbwa anaonekana mkubwa kama ndama.

Fundi_Kihesa
Gunia ni la kilo ngapi, na ulilipima?

Brashi_Uyole
Kilo 15. Sijapima, nimekadiria lifike kifuani mwake.

Fundi_Kihesa
Hapo ndipo pa kuangalia. Mnunuzi hajui ukubwa wa mbwa wako, lakini gunia amelibeba begani, kwa hiyo mbwa anapimwa kwa gunia. Chukua futi kamba, pima gunia likiwa limesimama, halafu pima yule mbwa wa jirani akiwa amekaa, kutoka chini hadi utosini. Uwiano huohuo uhamishie ukutani. Na usilete ujanja wa kuficha miguu ya nyuma kwa gunia. Mimi nilifanya hivyo mwaka juzi, mgongo ukatokea upande wa pili ukiwa mrefu kama wa mamba.

Brashi_Uyole
Nimepima leo. Gunia sentimita 68, mbwa akikaa 71. Kumbe wanakaribia kulingana! Nimempunguza. Sasa furaha: nimemwachia mdomo wazi na meno yote nje, mwenye duka anasema anatisha wateja.

Mifugo_Mstaafu
Meno ya juu yote nje na pua imekunjamana, huyo anataka kuuma. Mwenye furaha, mdomo umelegea, mdomo wa juu unafunika sehemu kubwa ya meno, ulimi unapita juu ya meno ya chini katikati ya zile chonge mbili. Ukionyesha chonge, ya chini inakaa mbele ya ya juu. Na masikio yalegee, usiyabane kichwani.

Mtoto_wa_Kalobe
Mimi nasema funga mdomo kabisa. Ulimi nje ni mbwa mwenye joto, na Mbeya hii ya mwezi wa sita nani atakuamini?

Fundi_Kihesa
Mdomo uliofungwa mtu wa kwenye bajaji hauoni. Uache wazi.

Mifugo_Mstaafu
Kalobe ana hoja kidogo. Ulimi mrefu sana ni joto, mfupi unatosha.

Mama_Simba
Bei bado sijajibiwa jamani.

Brashi_Uyole
Mama, nitamuuliza mwenye duka kesho. Ulimi nimeupunguza, mdomo nimeuacha nusu. Sasa yeye anataka mbwa atazame gunia, mimi namtaka atazame barabarani. Wakuu mnasemaje?