Mama akigeuka kitandani nyumba inazunguka: ni sikio au kiharusi?

MwanaWete: Assalaam alaykum. Mama ana miaka 63, tuko Wete. Tangu Jumatatu, akigeukia kulia kitandani nyumba yote inazunguka. Anakamata godoro kwa mikono miwili, anatapika. Nimehesabu, haifiki nusu dakika inatulia. Akienda sijda inarudi. Akikaa kitako anazungumza na kula vizuri. Malaria hana, presha 140/85. Jirani katutia hofu kuwa ni kiharusi. Nimvushe Unguja akapigwe picha ya kichwa?

Mchumakarafuu: Ikiwa kinazunguka ni sikio. Kiharusi hakizungushi mtu. Usipoteze nauli ya boti.

BintiMkoani: Pole kwa mama. Mimi sikio la kushoto linavuma, linaziba, kisha kizunguzungu kinanikamata masaa matatu. Apunguze chumvi.

TabibuMasikio: Mchumakarafuu, hapo sikubaliani nawe. Kiharusi cha nyuma ya ubongo kinazungusha vilevile. Tazama kinachokianzisha na muda kinaokaa. Ndani ya sikio, jirani na kile kikonokono cha kusikia, mna chembe ndogo za chokaa. Zikibanduka zikaingia kwenye mfereji wa usawa, kila kichwa kikigeuka zinasukuma maji ya mfereji, na ubongo unadhani mwili unazunguka. Zikitua, kinakoma. Ndiyo maana ya nusu dakika ya mama, na kwa kuwa kikonokono hakikuguswa, anasikia vizuri.

Mlaze chali kichwa kimegeukia kulia, mtazame macho. Ya sikio hungoja sekunde chache, yakachezacheza, yakatulia. Yakianza papo hapo yakipiga chini tu bila kutulia, hilo si la sikio. Kadhalika kizunguzungu kisichokoma hata akilala kimya, ulimi mzito, kuona viwili viwili, au kushindwa kusimama bila kushikwa: hapo hospitali saa hiyohiyo. Hata picha ya CT ikitoka safi siku ya kwanza usitulie, kiharusi cha huko nyuma huikwepa.

MwanaWete: Macho yalingoja kidogo, yakacheza, yakatulia. Dawa yake?

TabibuMasikio: Kama shingo haina maradhi: akae kitandani, uso nusu kulia. Mlaze upesi, mto chini ya mabega, kichwa kining'inie kidogo. Ngoja nusu dakika. Geuza kichwa hadi nusu kushoto, ngoja tena. Kisha ageuke mwili kwa ubavu wa kushoto, uso utazame sakafu, ngoja, halafu akae. Mshike, katikati kitamrudia.

MwanaWete: Jana mara mbili, leo tena. Alfajiri kageuka kulia, hakuna kitu! Ila akitembea anasema kichwa chepesi, kama bado yumo ndani ya dau.

TabibuMasikio: Wepesi huo huweza kukaa siku kadhaa. Akianza kuvutwa upande mmoja, mpeleke.

BintiMkoani: Na mimi nifanye hivyo?

TabibuMasikio: La. Lako linakaa masaa na linakula usikivu, si chembe hizo. Umewahi kupimwa kusikia?

BintiMkoani: Bado.