Eti "hutambuliki kwenye mfumo wetu"! Mfumo niliousimika mimi!

Mikono_Mitupu (mleta uzi)

Wakuu, nimetoka kusoma barua pepe sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Ile kampuni mnaijua, ile yenye mabango makubwa kuliko jengo lake. Siitaji.

Someni walichoniandikia: "Hatuwezi kushughulikia ankara yako kwa kuwa hutambuliki kwenye mfumo wetu."

HUTAMBULIKI! Miezi 6 nimewahamishia orodha yao ya wazabuni kutoka kwenye majedwali yaliyooza kwenda kwenye mfumo mpya, jina kwa jina, hadi usiku naota namba za akaunti. Mkataba uliisha tarehe 30. Tarehe 3 nikatuma ankara ya mwezi wa mwisho, pamoja na hati ya kukamilika kwa kazi. Meneja aliisaini mbele yangu, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Mkataba unasema siku 30 tangu wapokee ankara. Leo ni siku ya 47, ndiyo wananijibu kwamba hutambuliki. Kwenye mfumo NILIOUSIMIKA MIMI.

Wangesema hawana hela ningelala. Lakini hutambuliki?

Kigoda_cha_Mbele

Nimekaa. Mkuu, swali dogo tu: ile kanuni ya kumfunga mzabuni mkataba wake ukiisha, nani aliiweka humo?

Mikono_Mitupu

Niliiweka mimi, kwa maagizo yao. Na niliwaandikia kwamba waache siku 90 za malipo ya mwisho kabla ya kumfunga mtu. Wakakataa. Barua pepe ninayo.

Kigoda_cha_Mbele

Yaani umejenga mlango, ukajifungia nje, funguo umewaachia wao 😂😂

Nyuki_Mkali

Pole ndugu. Kama mkataba umeisha si uombe wakuongezee mwingine? Mimi waliniongezea miezi 3.

Mikono_Mitupu

Dada, sitaki kazi. Nataka hela ya kazi niliyokwisha kuifanya.

Mama_Leja

Nimekaa uhasibu miaka mingi, nikueleze kinachotokea. Ankara hailipwi kwa kuwa imefika. Mhasibu anaioanisha na oda ya manunuzi, na uthibitisho kwamba kazi imepokelewa. Mkataba ulipoisha walifunga vitu viwili: jina lako na oda yako. Hata meneja akipiga kelele, mhasibu hana pa kuibandika hiyo ankara.

Kwa hiyo acha kumsumbua mhasibu. Mwandikie aliyesaini ile hati, nakala kwa manunuzi, waombe wafungue oda kwa salio lililobaki, au watoe oda mpya yenye kiasi hicho hicho. Ankara ionyeshe namba ya oda na tarehe za kazi, ili yeyote aone kazi ilifanyika mkataba ukiwa hai. Mkataba kuisha hakufuti deni la kazi iliyofanyika ndani yake. Uliza pia kama namba ya oda ilikuwepo kwenye ile ankara ya kwanza. Isipokuwepo, watadai hawajapokea ankara halali, na siku zako 30 zitaanza upya.

Mikono_Mitupu

Namba ilikuwepo, mama. Lakini siku 47 walikuwa wapi kuniambia oda imefungwa? Wakasubiri waje kuniambia hutambuliki!

Wakili_wa_Kijiwe

Achana na barua za upole. Wakichelewa riba inaanza kuhesabika yenyewe, wadai kila siku.

Mama_Leja

Si kila mahali. Angalia kwanza kama mkataba wako unataja riba, au kama sheria ya huko inampa mdai haki hiyo. Ukidai isiyokuwepo unawapa sababu ya kubishana nawe miezi mingine miwili. Dai kiasi cha ankara, taja tarehe ya mwisho ya kulipa. Na wakikuletea karatasi ya kusema mmemalizana, usiisaini kabla hela haijaingia.

Wakili_wa_Kijiwe

Mimi nilidai riba nikalipwa.

Mama_Leja

Basi ilikuwa kwenye mkataba wako.

Zege_Halilali

Nyie wa kompyuta mnalia kwa siku 47? Sisi wa majengo tunakatwa 5% ya kila malipo kama zuio. Nusu wanatoa jengo likikabidhiwa, nusu nyingine baada ya kipindi cha kurekebisha kasoro. Changu kilikuwa miezi 12. Imepita, nikaenda kudai, wakaniambia kuna ufa ukutani. Ufa wenyewe walitoboa wao wakipitisha bomba la kiyoyozi!

Nyuki_Mkali

Eh! Ulipiga picha?

Zege_Halilali

Siku ya makabidhiano, ukuta mzima, na mkaguzi wao kasimama pembeni.

Wakili_wa_Kijiwe

Huyo umemkamata. Fungua uzi wako, hii ya bomba ni nzito.

Mikono_Mitupu

Wakuu, na mimi je? HUTAMBULIKI, jamani!

Kigoda_cha_Mbele

Zege, weka picha tuone huo ufa.