Yaurti ya nyumbani: termosi, blanketi ao glasiere?

Mama_Katindo (Goma)
Jambo wote. Nataka kutengeneza yaurti isiyo na sukari, litre moja ya maziwa kwa mara moja. Umeme unakatika usiku, kwa hiyo sitegemei mashine. Kati ya termosi na sufuria iliyofungwa blanketi, ipi inashika vizuri kwa baridi ya usiku wa Goma?

Fundi_wa_Maziwa (Bukavu)
Mama, kwa baridi hiyo termosi inashinda blanketi. Bakteria wa yaurti wanapenda 40 hadi 45°C. Sufuria ya litre moja ni ndogo, inapoa upesi hata ukiifunga mablanketi mawili. Ikishuka chini ya 35 mapema, kazi yao inakuwa ya polepole: asubuhi unakuta maziwa mepesi yenye uchachu kidogo, na vijidudu vingine vimepata nafasi.

Ila ubaya wa termosi ni kutoa. Yaurti ikishaganda, ukiimwaga kupitia shingo nyembamba inavunjika na maji yake yanajitenga. Ndiyo maana mimi napendelea glasiere. Chemsha maziwa, yaache yakitokota polepole dakika 10 huku ukikoroga. Hapo ndipo yaurti inapata uzito. Usiogope kwamba kwetu maji yanachemka karibu 95 kwa sababu ya mwinuko. Kwa maziwa 85 inatosha. Yapoze hadi 45, chota kikombe kimoja, koroga ndani yake vijiko viwili vya supu vya yaurti, kisha rudisha vyote kwenye sufuria. Gawa kwenye mitungi midogo ya vioo iliyooshwa kwa maji ya moto, funika, panga ndani ya glasiere, kisha mimina maji ya 45 hadi karibu na shingo za mitungi. Usiguse saa 6 hadi 8. Maji yakipoa sana katikati, punguza kidogo, ongeza ya moto pembeni, si juu ya mitungi.

Kijana_Himbi (Goma)
Kwani mnachemsha maziwa ya nini? Mashanza yanaganda bila kuchemshwa. Uchachu wenyewe unaua vijidudu.

Fundi_wa_Maziwa (Bukavu)
Ndugu, una haki nusu. Uchachu unazuia vijidudu vingi kuongezeka, lakini hauui vyote. Maziwa ya ng'ombe mwenye brusela yanaweza kubaki na ugonjwa hata yakiganda. Kuchemsha kwanza ndiko kunaondoa hatari hiyo. Tena kama maziwa yalilala kwenye joto saa nyingi kabla ya kukufikia, kuna sumu za vijidudu ambazo moto hauziondoi. Yakinuka, usijaribu kuyaokoa kwa kuyafanya yaurti.

Mtu_wa_Kenya (Lubumbashi)
Huku natumia maziwa ya unga, mimi sijui mambo ya ng'ombe. Yangu inaganda ila inakuwa nyepesi sana. Shida ni blanketi?

Yaya_Kadutu (Bukavu)
Pengine ni unga kidogo. Fuata kipimo cha kwenye mkebe, kisha ongeza vijiko viwili ao vitatu vya supu kwa litre. Angalia pia yaurti unayoanzia: kama mtengenezaji aliipasha moto baada ya kuganda, bakteria wamekufa. Na ukiweka yaurti ndani ya maziwa yanayounguza kidole, unawaua wewe mwenyewe.

Mama_Katindo (Goma)
Aksanti sana. Na kama sina kipimajoto?

Fundi_wa_Maziwa (Bukavu)
Kidole safi kikivumilia joto hadi uhesabu 10, uko karibu, lakini vidole vya watu si sawa. Nunua kipimajoto cha jikoni ukipata. Kabla ya kuonja, tazama: uso laini unaotikisika kwa pamoja, maji kidogo ya kijani-njano pembeni, harufu safi ya uchachu, ndiyo sawa. Mapovu ndani, kifuniko kilichovimba, utelezi unaovutika kama kamasi, ao madoa ya waridi, ya kijani ao meusi: mwaga mtungi wote, usikwangue juu tu.

Yaya_Kadutu (Bukavu)
Ikishaganda, iingie kwenye frigo mara moja, chini ya 5°C, uimalize ndani ya wiki moja. Bila frigo, tengeneza ya siku hiyo tu, beseni la maji baridi halitoshi. Na vijiko viwili vya kuanzia tena, vitoe siku ya kwanza kabla hamjaanza kula.

Kijana_Himbi (Goma)
Hiyo ya kuanzia inaweza kurudiwa mara ngapi?

Yaya_Kadutu (Bukavu)
Mimi nabadilisha baada ya mara tano hivi.

Fundi_wa_Maziwa (Bukavu)
Mimi sihesabu. Ikianza kuchelewa kuganda ao harufu ikibadilika, natafuta nyingine.