Mwenzangu wa ofisini ananimaliza kwa shida zake binafsi: naomba ushauri

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mimi ni mhasibu katika ofisi moja jijini Dar es Salaam, na meza yangu inapakana na ya dada mmoja ambaye tunashirikiana kuandaa mishahara. Kila asubuhi, kabla sijawasha kompyuta, huvuta kiti na kunieleza yaliyomkuta usiku: leo ni mume aliyeondoka na pesa ya kodi ya nyumba, kesho ni marejesho ya mkopo wa kikundi, keshokutwa ni shemeji aliyehamia bila taarifa. Shida hizo ni za kweli, sina shaka, na mwanzoni nilimtafutia hata mzee wa kuwasuluhisha, lakini kila ninalopendekeza hujibiwa "wewe hujui tu", kisha simulizi huanza upya.

Ugumu mkubwa huja mwanzoni mwa mwezi, kwa sababu kodi ya mishahara hutakiwa kuwasilishwa ifikapo tarehe 7. Yeye huomba ruhusa ya kutoka, nami hubaki hadi jioni nikikamilisha orodha yake ya makato, na usiku bado hunipigia simu. Nilipomwomba tuzungumze wakati wa chakula cha mchana pekee, alinuna na kuwaambia wenzetu kwamba nina roho ngumu.

Je, nimweleze mkuu wetu suala la mgawanyo wa kazi tu, bila kugusa siri za ndoa yake? Na ninyi mliopitia hali hii, mlitumia maneno gani?