Feni mbili nimenunua, fundi kalipwa mara mbili, na dari ya bafu bado nyeusi kwa kuvu!

MamaSalha_Fuoni

Asalaam aleikum. Leo alfajiri nimeingia bafuni kutia udhu, nikainua macho, nikayakuta madoa meusi yamerudi kwenye dari ile ile niliyoisugua na kuipaka rangi kabla ya Ramadhani. Nina hasira, na nataka kila anayejenga Unguja na Pemba asome kabla hajatoa pesa yake.

Bafu langu liko ndani ya chumba cha kulala. Urefu wake mita 2.4, upana mita 1.8, na kutoka sakafuni hadi kwenye jipsam ni mita 2.7. Fundi alikuja na futi, akapiga hesabu mbele yangu: hewa iliyomo ni kama mita za ujazo 11.7, inatakiwa itoke yote mara nane kwa saa, basi nahitaji feni ya mita za ujazo 93 kwa saa. Akaninunulia ya inchi nne, kwenye boksi imeandikwa 95. Niliridhika kwa sababu hesabu niliiona kwa macho yangu.

Miezi mitatu, kuvu. Nikamwita. Akaitazama dari, akasema feni ndogo, tuweke ya inchi sita. Nikatoa pesa tena. Hiyo boksi lake linasema 250. Inanguruma mpaka mtoto anaamka, na kuvu imerudi vile vile. Nikimpigia sasa ananiambia ni unyevu wa bahari, Zanzibar nzima ndivyo ilivyo, nizoee.

Sizoei! Jana nimepanda ngazi mwenyewe nikachungulia juu ya jipsam. Lile bomba la fedha la mikunjo ni la inchi nne, na feni ya inchi sita imebanwa humo humo kwa tepu. Pale linapovuka mbao limebonyea. Baina ya mbao mbili limening'inia likafanya tumbo, na tumboni mna maji. Nilipoliinua yakamwagika juu ya jipsam, hayapungui kikombe kizima. Kutoka kwenye feni hadi ukingo wa paa ni mita mbili tu. Yeye ameacha mita tano zote, hakukata, kwa kuwa ndivyo lilivyouzwa. Na kwenye mdomo wa nje katia wavu wa mbu, umejaa vumbi na utando wa buibui.

Hii ni kazi ya kumlipia mtu mara mbili?

KijanaWaMlandege

Pole dada. Ila fundi wako alikuwa nusu sahihi. Mara nane kwa saa ni kidogo kwa hali ya hewa yetu, mimi kwangu nilipiga mara kumi na tano. Feni ya inchi sita iache hapo hapo, nunua bomba la mikunjo la inchi sita uunge upya. Kosa lake ni kuunga feni kubwa kwenye bomba dogo, basi.

BabuWaChakeChake

Wanangu, hayo ya feni hata msijisumbue. Mimi hapa Pemba dari yangu ilioza nikadhani ni mvuke wa bafu. Kumbe misumari ya bati imelegea, masika yote maji yanapenya. Nimebadilisha misumari na kuziba kwa lami, kwisha habari. Bi mkubwa, apande mtu juu ya bati akaangalie.

MtuWaHewa_Mbweni

Mzee wangu, shikamoo. La kwako lilikuwa kuvuja, na kuvuja huacha doa la manjano au kahawia lenye pete, linakua kila mvua ikinyesha. Hili la Mama Salha ni vidoti vyeusi vilivyotawanyika. Hiyo ni kuvu inayokula unyevu wa hewa.

Dada Mama Salha, nimefanya kazi za viyoyozi na feni mahotelini miaka mingi, na hasira yako naielewa. Lakini hesabu ya fundi si mbaya. Mara nane inatosha kwa bafu la kiasi hicho. Waingereza kwa bafu wanaridhika na lita 15 kwa sekunde, ambayo ni mita za ujazo 54 kwa saa, na Wamarekani wanataka kama 85. Ile 93 iko juu ya wote wawili.

Kosa ni kuiamini namba ya boksi. Ile 95 imepimwa feni ikiwa peke yake, haina bomba mbele yake. Hizi feni za mapanga bapa zinasogeza hewa nyingi mahali pasipo kizuizi, ila nguvu ya kusukuma hazina. Ukizipa mikunjo, kona, tumbo la maji na wavu ulioziba, zinabaki kuzunguka tu bila kutoa kitu. Ndiyo maana ya inchi sita haikukusaidia: ni mapanga yale yale, yanasukuma kwenye njia ile ile iliyoziba, ukaongeza kelele.

Usibishane na fundi kwa maneno. Pima. Chukua mfuko mkubwa wa taka ulioandikwa lita 100. Kata boksi dogo pande mbili liwe kama fremu, gandisha mdomo wa mfuko kwenye fremu. Ukunje mfuko utoke hewa yote, washa feni, shindilia fremu kwenye mdomo wa nje pale ukingoni na uhesabu sekunde mpaka mfuko ujae ukakamae. Rudia mara tatu. Lita 100 gawanya kwa sekunde, kisha zidisha kwa 3.6, unapata mita za ujazo kwa saa.

MamaSalha_Fuoni

Nimepima, mume wangu kanishikia ngazi. Hii feni kubwa: sekunde 10, 10, 11. Nikairudisha ile ndogo ya kwanza kwenye bomba lile lile: sekunde 14 mara zote tatu.

Kwa hiyo kubwa inatoa kama 35, na boksi linasema 250! Ndogo inatoa kama 26. Nimemtumia fundi picha ya mfuko na ya saa. Kasoma, hajajibu.

KijanaWaMlandege

Nakubali, sikutegemea ishuke hivyo. Lakini bado nasema bomba la inchi sita litatatua.

MtuWaHewa_Mbweni

Litapunguza, yakhe, maana bomba pana hewa inapita polepole na msuguano unakuwa mdogo. Lakini bomba la mikunjo la inchi sita nalo ukiliacha legelege litafanya tumbo. Na pale ukingoni atapata wapi tundu la inchi sita baina ya mbao?

Mimi ningefanya hivi. Rudisha feni ndogo. Tupa bomba la fedha. Nunua bomba la plastiki la inchi nne, lile gumu la maji machafu, ndani ni laini na kutu ya chumvi hailipati. Mita mbili, kona moja tu, na kona iwe ile iliyolala, si ile ya kukata ghafla. Ukilifunga kwenye mbao, upande wa nje uwe chini kidogo kuliko upande wa feni, kama sentimita mbili kwa kila mita. Usiku bati linapoa, mvuke unageuka maji ndani ya bomba, na maji hayo lazima yadondokee nje, yasirudi kwenye mota. Wavu wa mbu ondoa, weka kifuniko chenye vibati vinavyofunguka kwa upepo wa feni na kujifunga ikizimwa.

Na mlango wako je? Hewa haitoki kama hakuna inayoingia. Chini ya mlango pawe na uwazi wa sentimita moja.

ShogaWaJambiani

Mbona mnazunguka, si ukuta wa nje uko hapo hapo? Toboa ukuta, weka feni, bomba la sentimita 20 tu. Mimi nimefanya hivyo na dirisha la vioo naliacha wazi mchana kutwa.

MtuWaHewa_Mbweni

Ukuta ni njia nzuri kuliko zote, dada Jambiani, kama hautazami kusi. Kusi likivuma kwa nguvu, mita 8 kwa sekunde tuseme, linasukuma ukutani kwa nguvu inayotosha kuzishinda nyingi ya feni hizi ndogo. Utaisikia inazunguka na hewa inakupiga usoni. Mama Salha, ukuta wako unaelekea wapi?

Na dirisha, ukiwasha feni lifunge. La sivyo feni inavuta hewa ya dirishani tu, mvuke wa bafuni unabaki pale pale ulipo.

MamaSalha_Fuoni

Ukuta unatazama kusi, ndiyo. Na chini ya mlango hapana hata nafasi ya kupitisha karatasi, fundi aliweka kizingiti cha marumaru.

MamaSalha_Fuoni

Narudi baada ya wiki tatu. Fundi mwengine kaweka bomba gumu kama lilivyoelezwa hapa, kazi ya nusu siku. Jipsam iliyolowana tumeikata tukaweka mpya, na mlango umepunguzwa chini. Feni ni ile ndogo ya kwanza, ile iliyoitwa haifai. Mfuko umejaa kwa sekunde 5. Hiyo ni 72! Tunaiacha izunguke nusu saa baada ya kuoga, na kioo kinakuwa kikavu.

Fundi wa kwanza nimemtumia hesabu yote. Namtaka arudishe pesa ya feni ya pili. Anasema nimuuzie mtu mwengine.

Lakini kuna jambo. Kwenye ukanda wa dari unaogusa ukuta wa chumba cha kulala, kama upana wa kiganja, vidoti vimeanza tena. Kwengine kote ni safi.

MtuWaHewa_Mbweni

Chumbani kuna kiyoyozi? Mnakiweka ngapi? Kesho alfajiri, kabla mtu hajaoga, pandisha mkono uguse pale.

MamaSalha_Fuoni

Kipo, mume wangu anakiweka 18 usiku kucha. Nimegusa. Baridi, na vidole vimelowa.

MtuWaHewa_Mbweni

Basi hilo si la feni. Hewa yetu ikiwa nyuzi 28 na unyevu asilimia 80, kitu chochote kilichopoa chini ya nyuzi 24 kinatoa jasho, na ukuta huo umepozwa na kiyoyozi. Feni inaleta hewa ya nje tu, na ya nje nayo imelowa, hasa masika. Pandisha kiyoyozi hadi 25 kwa wiki mbili, utazame.

KijanaWaMlandege

Au aiwashe feni usiku kucha.

MtuWaHewa_Mbweni

Hapana, akiiacha usiku kucha itavuta ile hewa ya baridi ya chumbani, na ya nje yenye maji itaingia kupitia kila mwanya kuziba pengo. Chumba nacho kitaanza kutoa jasho.

MamaSalha_Fuoni

Mume wangu kagoma, anasema kwa 25 hapati usingizi. Tumekubaliana 23 kwanza. Nitarudi hapa na picha.