Tupeane uzoefu: kueleza mlinganyo tofautishi redioni kwa ndoo inayovuja

Mtayarishaji_Nai: Wenzangu mnaoandika hati za redio, kipengele changu ni cha dakika nne na hakuna ubao. Nina ndoo chini ya mfereji, ina tundu kitakoni. Nyinyi huanzia wapi?

Mwalimu_Donholm: Kwa ndoo tupu ya lita 20. Mfereji unatoa lita 3 kwa dakika, na tuchukulie tundu linavujisha moja ya tano ya maji yaliyomo kwa kila dakika. Usimuulize msikilizaji kuna maji kiasi gani. Muulize yanapanda kwa kasi gani sasa hivi. Ndoo ikiwa tupu, lita 3 kwa dakika. Ikiwa na lita 5, moja inavuja, kwa hiyo inapanda kwa 2. Ikiwa na 10, inapanda kwa 1. Mtangazaji anyamaze kidogo, kisha aulize: na ikiwa na 15? Zinaingia 3, zinatoka 3. Maji yamesimama, mfereji ungali wazi. Kasi inafuata kiasi, na kiasi kinajengwa na kasi. Huo ndio mlinganyo wenyewe, V ikiwa lita zilizomo, t dakika, na dV/dt kasi ya kupanda:

`dV/dt = 3 - V/5`

Baba_Njeri: Mbona mzunguko wote huo? Zinaingia 3, inavuja 1, zinabaki 2. Dakika kumi, ndoo imejaa.

Mwalimu_Donholm: Hesabu hiyo ni sawa mtu akichota lita ileile kila dakika, Baba Njeri. Tundu haliko hivyo. Maji yakipanda, uzito ulio juu yake unaongezeka na mchirizi unaruka mbali zaidi. Ndoo hii haitafika 20.

Mama_Pipeline: Na tangi la plastiki juu ya paa likivuja kwenye kiungo cha bomba, nizibe na nini?

Mtayarishaji_Nai: Mama, hapo muone fundi wa bomba. Sisi tunapima tu.

Fizikia_Usiku: Hiyo "moja ya tano" inanikera. Mwanafizikia Mwitaliano Torricelli alionyesha mwaka 1644 kwamba mwendo wa maji tunduni unafuata kipeuo cha pili cha kina. Kina kikishuka hadi robo, mchirizi unapungua hadi nusu tu. Msikilizaji akijaribu nyumbani atapata namba nyingine.

Mwalimu_Donholm: Kweli, ndiyo maana nikasema "tuchukulie". Kosa ninalolihofia zaidi ni hati kuruka dakika nzima kwa mkupuo. Ukianza tupu utatangaza lita 3 baada ya dakika ya kwanza, kumbe ni kama 2.7, kwa kuwa tundu lilikuwa likivuja muda wote huo nawe hukulihesabu. Ruka nusu dakika, unapata 2.85. Kadiri hatua inavyofupika ndivyo unavyokaribia.

Fizikia_Usiku: Hilo nakubali. Kipeuo bado nakitaka hewani, hata kwa sentensi moja.

Mtayarishaji_Nai: Sentensi moja ni sekunde nane. Nikiiweka, ile kimya ya lita 15 itabanwa.