Eti "jedwali langu ni safi, karatasi yako ndiyo chafu"!

MuuzaVitasa: Ndugu zangu, yule bwana wa kugeuza ankara za picha kuwa majedwali, ambaye nyote mnamfahamu, amenijibu hivi punde kwamba jedwali lake ni safi na karatasi yangu ndiyo chafu. Bawaba 40, bei ya moja 18.50, jumla 740.00. Jedwali lake lililonyooka kama askari wa gwaride liliandika 1850, kwa sababu nukta ilikuwa imepakwa wino. Nikaandaa nukuu ya bei kutokana na safu hiyo, nikampelekea seremala, naye akauliza mbele ya watu kama kwa 74,000 anapewa bawaba pamoja na nyumba. Halafu mimi ndiye mchafu!

Kibarazani: Uliiona 74,000 ukaituma hivyohivyo? Seremala amekuheshimu sana.

MuuzaVitasa: Nukuu ilikuwa ya bidhaa nyingi, na mashine za bei kubwa zilikuwamo. Chafu, ameniambia. Mimi!

Mzee Hesabu: Weka safu ya bei iwe na desimali mbili, tatizo litaisha.

Karani Mstaafu: Halitaisha, mzee wangu. Ukifanya hivyo, 1850 itaonekana 1850.00, yaani kosa litakuwa limevalishwa suti. Karatasi ikipigwa skana kwa pikseli 150 kwa inchi, nukta ya maandishi madogo hubaki na upana wa pikseli mbili au tatu tu, na kile kichujio cha kuondoa madoa huifuta kikidhani ni vumbi. Piga skana kwa 300, uzime kichujio, kisha uongeze safu ya ukaguzi pembeni, idadi ikiwa B, bei C na jumla D:

```
=B2*C2-D2
```

Kwa mstari wako ingetoa 73260 badala ya sifuri. Jumla ya 740.00 ilikuwa palepale ikishuhudia.

Kibarazani: Na nukta ya jumla nayo ikifutwa?

Karani Mstaafu: Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa 40 mara 1850 ni 74000, na ukaguzi utatoa sifuri bila aibu. Itabidi ujumlishe safu nzima na kulinganisha na jumla kuu iliyo chini ya ankara, ukiitazama kwenye karatasi yenyewe.

Mama Jumla: Nyinyi mna bahati. Mimi muuzaji wangu huandika 1.250 akimaanisha elfu moja mia mbili hamsini, na jedwali likaisoma kuwa moja na robo. Nimeuza mzigo mzima kwa bei ya kutupa, na wateja wanauliza ofa inarudi lini.

Mzee Hesabu: Mama Jumla, mzigo huo ulikuwa wa nini, na umebaki?

MuuzaVitasa: Jamani, uzi ni wangu! Ameniita mchafu!

Mama Jumla: Umekwisha, mzee. Waliununua siku ileile.